Sensa inasema 62, nyanya zinanyauka: kuoanisha sensa ya unyevu na udongo wa mbuga kwa kutumia oveni

Swali: *Nalima nyanya kwa umwagiliaji wa matone hapa Misungwi, kwenye udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi mzito. Nimeunganisha sensa ya unyevu ya kapasitansi na Arduino. Hewani ilisoma 590, kwenye glasi ya maji ikasoma 300, nikaweka 590 iwe asilimia 0 na 300 iwe asilimia 100. Juzi ilionyesha 62 huku nyanya zimenyauka tangu saa tano asubuhi. Nasikia dawa yake ni kulinganisha na udongo uliokaushwa kwenye oveni. Inafanywaje? Na nikifanya mara moja inatosha kwa shamba zima? Sehemu ya juu ya shamba ni luseni, udongo wa kichanga.*

Ndugu yangu, sensa yako ni nzima. Kilichokuponza ni hicho kipimo cha hewa na maji, ambacho kimeenea kwa sababu kinachukua dakika chache na hakidai vifaa. Ile 62 haisemi kwamba udongo wako una asilimia 62 ya maji. Inasema kwamba sensa ilisoma kama 410, na 410 iko karibu theluthi mbili ya njia kutoka hewani hadi majini. Sasa udongo hauwezi kumaliza njia hiyo. Hata mbuga ikilowa mpaka maji yatuame juu yake, karibu nusu ya ujazo wake bado ni chembe za udongo wenyewe. Katika mfano nitakaoupigia hesabu hapa chini, 410 inageuka kuwa asilimia 31 ya ujazo. Mchanga wenye asilimia 31 unachuruzika maji. Mfinyanzi mzito wenye asilimia 31 umeyabana maji hayo kwa nguvu kiasi kwamba mzizi wa nyanya hauwezi kuyavuta kwa kasi ambayo majani yanayahitaji jua likishapanda. Kwa hiyo mimea yako ilikuwa inasema kweli.

Sensa haiyaoni maji yenyewe. Inapima jinsi kitu kilichoizunguka kinavyoathiri uga wa umeme, na hapo maji yanajitokeza kwa sababu thamani yake ya umeme ni karibu 80, wakati madini ya udongo yako kati ya 3 na 5 na hewa ni 1. Kama mambo yangeishia hapo, mlinganyo mmoja ungetosha dunia nzima. Lakini sensa hizi za bei nafuu zinafanya kazi kwa masafa ya chini, megahezi chache tu, na katika masafa hayo chumvi na mfinyanzi vinapitisha umeme kiasi cha kuifanya sensa idhani kuna maji zaidi. Huenda umekutana na mlinganyo wa Topp na wenzake wa mwaka 1980. Ni mzuri kwa udongo mwingi wa kawaida, ila unaanza na ile thamani ya umeme ya udongo iliyopimwa na vifaa vya masafa ya juu, si namba ya Arduino, na kwenye mfinyanzi mzito nao unapotoka. Ndiyo maana tunarudi kwenye oveni, kwa sababu yenyewe haikisii. Inayaondoa maji, nawe unayajua kwa mizani.

Kifaa utakachokihitaji kuliko vyote ni pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana. Za maabara zina sentimita za ujazo 100. Fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia kutoka bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5, urefu sentimita 5.1, na anoe ukingo mmoja kwa upande wa nje tu. Akinoa kwa ndani, udongo unasukumwa katikati na kushindiliwa, na kipimo kimeharibika kabla hujaanza. Pamoja na pete utahitaji vikopo vya bati vyenye mifuniko, na mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.1.

Chagua kipande cha mita moja ya mraba kwenye mbuga, kiwe kama shamba lako lilivyo, na mbolea uliyozoea kuweka, ila usipime siku ile ile uliyopitisha mbolea kwenye matone. Kimwagie mpaka kilowe vizuri hadi chini, kifunike kwa nyasi, ukiache siku mbili maji ya ziada yazame. Hapo ndipo unachukua sampuli ya kwanza. Kisha kiache kikauke taratibu, ukirudi kila baada ya siku kadhaa, hadi mimea iliyo karibu ianze kulegea.

Kila ukirudi, kwangua udongo wa juu mpaka kina ambacho sensa itakaa, tuseme sentimita 15, usawazishe. Ingiza sensa wima hadi kwenye mstari wake, subiri namba itulie, soma mara kumi na uandike wastani. Ichomoe. Halafu shindilia pete moja upande huu wa ufa ulioachwa na sensa na nyingine upande wa pili, zote zisivuke sentimita 5 kutoka hapo, kwa sababu sensa hii inaona udongo wa jirani sana tu, sentimita chache kutoka kwenye bapa lake. Weka ubao juu ya pete ndipo ugonge kwa nyundo. Kabla ya kuichimbua, chungulia ndani: kama udongo wa ndani umeshuka chini ya ule wa nje, umeushindilia, achana nao uchukue mahali pengine. Chimbua pete kwa panga ikiwa na udongo unaozidi pande zote mbili, kisha kata kwa kisu hadi usawa wa ukingo. Mimina yote kwenye kikopo, funga mfuniko, na upime uzito siku hiyo hiyo. Kikopo kilichoachwa wazi juani kwenye pikipiki kinapoteza maji ambayo ulikuja kuyapima.

Oveni inatakiwa nyuzi 105 za selsiasi kwa saa 24, mifuniko ikiwa imeondolewa na kuwekwa chini ya vikopo. Udongo wa mbuga una madini ya smektiti, yanayoshika maji katikati ya matabaka yake, hivyo usiamini saa peke yake. Pima, rudisha ndani kwa saa 2, pima tena. Tofauti ikiwa chini ya gramu 0.1, umemaliza. Funga mifuniko mara tu unapotoa vikopo na uviache vipoe hivyo hivyo: kikopo cha moto kinaipotosha mizani, na mfinyanzi mkavu ukiachwa wazi unaanza kunywa unyevu wa hewa ya ziwani. Usianike juani ukaita mkavu. Mbuga iliyokauka juani mpaka ikasikika kama kigae bado imebaki na asilimia kadhaa za maji. Oveni ya nyumbani inafaa iwapo utaweka kipimajoto ndani yake, kwa sababu kile kitasa cha nje mara nyingi kinakosea kwa nyuzi nyingi. Kama huna oveni, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kiko hapo hapo wilayani kwako, ulizia kukaushiwa sampuli. Peleka vikopo vikiwa vimeshapimwa uzito wa udongo mbichi.

Sasa hesabu. Chukua kikopo kimoja cha mfano. Kitupu kina gramu 31.2. Kikiwa na udongo mbichi kina 195.6, kikitoka oveni kina 159.6. Maji yaliyoondoka ni gramu 36.0, na udongo mkavu ni 128.4. Kwa kuwa pete ilikuwa sentimita za ujazo 100, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, unyevu ni asilimia 36 ya ujazo. Basi. Kwa pete ya 100, kila gramu iliyopotea kwenye oveni ni asilimia moja. Kama pete yako ina ujazo mwingine, gawa gramu za maji kwa ujazo huo kisha zidisha kwa 100.

Nasisitiza njia hii kwa sababu maelezo mengi yanakupitisha njia nyingine: gawa maji kwa udongo mkavu, hapa 36.0 kwa 128.4, upate asilimia 28.0 ya uzito, kisha zidisha kwa densiti ya udongo uliyoipima siku moja mwanzoni. Kwenye mchanga hiyo haina neno, maana densiti yake haibadiliki. Mbuga inavimba na kusinyaa. Ikiwa imelowa, sentimita moja ya ujazo inaweza kuwa na gramu 1.1 au 1.2 tu za udongo mkavu. Ikikauka inajikaza hadi 1.5 na zaidi, na nafasi iliyobaki ndiyo ile mipasuko unayoingiza mkono. Tuseme umepata asilimia 28.0 ya uzito. Ukitumia densiti ya 1.15 uliyoipima udongo ukiwa umelowa, unapata 32.2. Densiti halisi ya siku hiyo ni 1.284, na jibu ni 36.0. Umepoteza karibu pointi 4 kwa kuzidisha tu, na kosa hilo linaongezeka kadiri udongo unavyokauka, yaani pale pale unapohitaji kujua kama umwagilie. Pete inayochukuliwa upya kila mara inaubeba ujazo wa siku yake yenyewe.

Hata hivyo andika uzito mkavu wa kila pete, maana ndio mlinzi wako. Kwa mbuga unatakiwa upande polepole kadiri siku zinavyosonga na udongo unavyokauka. Ukiona pete mbili za siku moja zinaachana kwa gramu 10 au zaidi, moja haikujaa, imeshindiliwa, au imeangukia kwenye mpasuko.

Mwisho wa kazi utakuwa na jedwali kama hili, kila mstari ukiwa wastani wa pete mbili:

| Sensa | Unyevu kwa ujazo (%) |
|---|---|
| 345 | 45 |
| 360 | 40 |
| 385 | 36 |
| 410 | 31 |
| 470 | 33 |
| 445 | 24 |
| 480 | 18 |

Zichore kwenye karatasi kwanza, kabla ya kompyuta. Sita zinakaa karibu na mstari mmoja unaoshuka. Ile ya 470 imesimama peke yake: sensa inadai pakavu, oveni inasema 33. Usiifute kwa sababu tu haipendezi. Jiulize ni kosa gani linaloelekea upande huo. Hewa ndiyo inayopandisha namba ya sensa hii, kwa hiyo unatafuta mwanya kati ya bapa na udongo, jambo la kawaida sana kwenye mfinyanzi ulioanza kukakamaa, ambapo ukiitikisa sensa kidogo wakati wa kuiingiza unaacha upenyo mwembamba kama karatasi, na unatosha. Namna ya kuhakikisha ukiwa bado shambani ni kuingiza sensa mara tatu katika nafasi tofauti zilizokaribiana kabla ya kuchukua pete. Zikitofautiana kwa zaidi ya 15 hivi, mguso si mzuri. Daftari lako likionyesha kwamba siku hiyo namba zilirukaruka, unayo sababu ya kuitoa. Kama kosa lingekuwa kinyume, sensa inadai maji mengi na oveni inasema machache, ningeshuku mbolea, chumvi au kikopo kilichoachwa wazi.

Zile sita ziingize kwenye lahajedwali, namba za sensa safu ya A, unyevu safu ya B, kuanzia mstari wa 2:

```
=SLOPE(B2:B7,A2:A7)
=INTERCEPT(B2:B7,A2:A7)
```

Utapata mteremko wa -0.1954 na kianzio cha 111.3. Kwenye Arduino inakuwa hivi:

```
int s = analogRead(A0);
float unyevu = 111.3 - 0.1954 * s;
```

Jaribu 410: inatoa 31.2, na oveni ilisema 31. Jaribu 345: inatoa 43.9 wakati oveni ilisema 45, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote sita. Namba zangu za mfano zimetulia kuliko utakavyoona shambani. Ukibaki na tofauti za pointi 2 au 3 kwenye udongo wa mbuga, shukuru, kazi ni nzuri. Sasa weka zile namba zako za mwanzo ndani ya mlinganyo huu. Majini, 300, unapata karibu 53. Hewani, 590, unapata hasi 4. Usishtuke. Mlinganyo haujawahi kuona hewa wala maji matupu, umeona mbuga yenye unyevu kati ya 18 na 45, na nje ya hapo hauna la kusema. Kwenye programu, sensa ikisoma zaidi ya 480 iandike tu kwamba ni kavu kupita kipimo. Mara nyingi namba ya aina hiyo inamaanisha udongo umesinyaa ukaachana na sensa, na hata ukimwagilia, maji yatateremka kwenye mpasuko kando ya bapa na namba itaruka ghafla kana kwamba shamba zima limelowa.

Swali lako la mwisho lina jibu fupi: hapana, mbuga na luseni kila mmoja na mlinganyo wake. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani enzi za Tanganyika, ndiye aliyetoa jina la katena katika miaka ya 1930 kwa jambo hili hili unaloliona Usukumani, kwamba udongo unabadilika kwa mpangilio kutoka mlimani hadi bondeni, mchanga wa luseni juu, mfinyanzi mweusi chini. Kwa luseni kazi ni nyepesi: haivimbi, sensa inaingia bila kuacha mwanya, oveni inamaliza mapema. Lakini maji yote ya maana yako ndani ya pointi chache, kwa hiyo kosa la pointi 3 linalovumilika kwenye mbuga linaweza kukupotezea siku nzima ya kumwagilia huko juu. Chukua pete nyingi zaidi, na uzichukue kwa kukaribiana, kila siku badala ya kila baada ya siku kadhaa, maana luseni inakauka upesi. Na ukanda wa katikati, udongo unapoanza kuwa mgumu na wa kijivu, usiukisie kwa kuchukua wastani wa milinganyo miwili. Kama una mimea pale, nao unadai pete zake.

Kile kipimo cha hewa na maji usikitupe, kina kazi nyingine. Sensa hizi hazifanani hata zikitoka mfuko mmoja. Pima kila moja hewani na majini. Zile zinazokaribiana na 590 na 300 za sensa uliyotumia zinaweza kuazima mlinganyo huu, zinazoachana kwa zaidi ya pointi 10 hivi zifanyiwe wao wenyewe. Tumia waya ule ule, bodi ile ile na chanzo kile kile cha umeme utakachokiacha shambani, kwa sababu volti zikibadilika na namba inabadilika. Kingo za bapa mara nyingi hazikupakwa kinga, maji yanapenya taratibu na namba inahama wiki hadi wiki. Zipake rangi ya kucha au gundi ya epoksi kabla ya kuanza kuoanisha, si baada. Na soma asubuhi mapema, kabla udongo haujapata joto, sampuli na usomaji wa kila siku vyote saa ile ile.

Ukishapata mlinganyo, bado hujajua lini umwagilie, na hilo hutalipata kwenye kitabu kwa mbuga yako. Lowesha, subiri siku mbili, andika inachosema sensa: tuseme 44. Huo ndio unyevu wako wa juu. Kisha andika inachosema siku nyanya zinapolegea mchana na bado hazijainuka jioni. Ikiwa ni karibu 30, basi maji ya mmea wako yako kati ya 30 na 44, pointi 14 tu, na kwa nyanya ningefungua maji ikifika 38 au 39, kabla mipasuko haijaanza kufunguka.

Baada ya mwezi chukua pete mbili tena mahali sensa ilipo sasa, uzikaushe, ulinganishe na mlinganyo. Zikiachana kwa pointi 5 au zaidi, angalia kwanza mguso na kingo za bapa. Vikiwa salama, rudia zoezi. Ukilima upya au ukibadilisha kina cha sensa, rudia pia, kwa sababu udongo uliotifuliwa hauna densiti ile ile.